Kebo ikikatika, daftari la pesa yako liko nchi gani?

Wadau, Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 wengi mnaikumbuka. Intaneti iligoma kuanzia Dar mpaka Nairobi na Kampala. Mwenye kafe anazima ruta na kuiwasha, wateja wanadai chenji yao, na hakuna anayejua kulikoni. Baadaye tukaambiwa kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zimekatika upande wa Afrika Kusini. Watu wakalalamikia mitandao ya kijamii kutofunguka, na mimi nililalamika. Lakini kuna swali lililonikaa kichwani toka siku ile na leo nataka tulizungumze kwa kirefu. Kama kampuni ya pesa za simu imeweka daftari lake kwenye seva za Cape Town au Ulaya, siku kebo inakatika hela yako inakuwa wapi? Na kama ina daftari mbili, moja huku na moja kule, lipi ndo la kweli?

Swali hili si la mafundi peke yao. Serikali za kwetu zinatunga sheria kuhusu data za wananchi zikae wapi, na kampuni zinajibu kwamba kukodi seva nje ni nafuu. Kila upande una hoja. Tatizo ni kwamba mjadala wenyewe unaendeshwa kama vile ni suala la uzalendo tu, wakati ndani yake kuna hesabu za kawaida ambazo kila mtu anaweza kuzifuata.

Tuanze na historia kidogo. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na Tanzania ikafuata mwaka 2008. Kwa miaka kadhaa seva za M-Pesa ya Kenya zilikuwa Ujerumani. Ndiyo, mtu wa Gikomba anamlipa mtu wa Kariobangi, na daftari linaloandika malipo hayo lipo Ulaya. Ni mwaka 2015 ndipo Safaricom ilipohamishia seva hizo Kenya. Kumbukeni pia kwamba pwani yetu ya Afrika Mashariki haikuwa na kebo ya baharini kabla ya 2009. Mawasiliano ya nje yalikwenda kwa satelaiti.

Sasa tuje kwenye umbali. Mwanga ndani ya kebo unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Maana yake kila kilomita 1,000 ni milisekunde 5 kwenda na 5 kurudi, jumla 10. Milisekunde ni sekunde moja uliyoigawa mara elfu. Kutoka Dar hadi Dodoma hazizidi kilomita 500, kwa hiyo kwenda na kurudi ni kama milisekunde 5. Dar hadi Cape Town kwa mstari wa ndege ni zaidi ya kilomita 3,500, na kebo haiendi kwa mstari wa ndege, inazunguka pwani. Ukijumlisha na vifaa vya njiani, tuseme milisekunde 80.

Utaniambia, "Kaka, milisekunde 80 ni nini? Mimi nikipiga *150*00# nasubiri sekunde nzima na silalamiki." Kweli kabisa. Anayeumia hapo si mteja mmoja mmoja, ni foleni. Chukua akaunti ambayo watu wengi wanailipa kwa wakati mmoja, mfano ya kununulia umeme saa moja jioni. Ili hesabu isiharibike, mfumo unaifunga akaunti hiyo, unaandika malipo, unaifungua, ndipo anaingia mwingine. Kama kila kuandika lazima kusubiri jibu kutoka Cape Town, kila mmoja anashika mlango milisekunde 80. Gawanya 1,000 kwa 80. Unapata watu 12 tu kwa sekunde! Nyuma yao wamejipanga maelfu, na wewe unaona "jaribu tena baadaye". Kama jibu linatoka Dodoma kwa milisekunde 5, akaunti ile ile inahudumia watu 200 kwa sekunde. Kompyuta ni zile zile na programu ni ile ile. Kilichobadilika ni umbali tu.

Kwa hiyo fundi mjanja anasema, basi tusisubiri. Tuwe na daftari Dar na lingine Cape Town, kila moja liandike lenyewe, halafu yapelekeane habari baadaye kidogo. Kasi inakuwa nzuri na kila mtu anafurahi. Siku zote za kawaida mpango huo unafanya kazi, na ndo maana unavutia. Balaa linakuja siku kebo inayounganisha vituo hivyo viwili inapokatika huku kila kituo kikiwa kizima.

Tufanye mfano. Mama lishe wa Tandika ana shilingi 100,000 kwenye simu. Saa tano kamili asubuhi kebo inakatika. Vituo vyote viwili vinajua salio lake ni 100,000. Saa tano na dakika tatu anakwenda kwa wakala kutoa 80,000 za kununulia mchele. Daftari la Dar linaangalia, hela ipo, linakubali. Salio Dar sasa ni 20,000. Saa tano na dakika saba, mfumo wa mikopo ambao umewekwa Cape Town unamkata 70,000 za marejesho, kwa sababu leo ndo tarehe yake. Daftari la Cape Town halijui habari za wakala. Nalo linaangalia, hela ipo, linakubali. Salio kule sasa ni 30,000.

Kebo inarudi. Madaftari mawili yanakutana, moja linasema 20,000 na lingine 30,000. Nani mkweli?

Hifadhidata nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya kasi zinajibu kirahisi sana: aliyeandika mwisho ndiye mshindi. Cape Town iliandika saa tano na dakika saba, kwa hiyo salio ni 30,000 na maandishi ya Dar yanafutwa. Sasa hesabu na mimi. Wakala amepata 80,000 kwenye akaunti yake. Mkopeshaji amepata 70,000. Mama lishe bado ana 30,000. Jumla 180,000, wakati mwanzo kulikuwa na 100,000 tu. Shilingi 80,000 zimezaliwa hewani. Na angalia jambo lingine, mshindi amechaguliwa kwa saa ya kompyuta. Kama saa ya seva ya Dar ingekuwa mbele dakika kumi, mshindi angekuwa Dar na salio lingekuwa 20,000. Hapo tungekuwa tunaamua mali za watu kwa saa iliyoharibika.

Njia hii inafaa kwa vitu kama picha ya wasifu. Ukibadilisha picha mara mbili, ya mwisho ikabaki, hakuna aliyeibiwa. Kwa pesa haifai hata siku moja.

Njia ya pili ni bora zaidi. Badala ya kutunza salio, daftari linatunza matukio: toa 80,000, toa 70,000. Kebo ikirudi, matukio yote yanaunganishwa na hakuna linalofutwa. Salio linakokotolewa upya: 100,000 toa 80,000 toa 70,000, unapata hasi 50,000. Huu angalau ni ukweli. Lakini mama lishe sasa anadaiwa 50,000 bila kufanya kosa lolote. Kampuni imkate kesho akiwekewa hela na mteja? Imdai mkopeshaji? Au ibebe hasara yenyewe? Kompyuta haiwezi kujibu swali hilo, ni la mkataba na sheria. Na likitokea kwa wateja elfu kumi ndani ya nusu saa moja, ni kesi.

Hapa kuna jambo la kufurahisha kwa wale wanaopenda ukaguzi. Kila shilingi ya kwenye simu inatakiwa iwe na mwenzake benki, kwenye akaunti ya amana. Kila siku mkaguzi anajumlisha masalio yote ya kwenye mfumo na kulinganisha na benki. Katika kosa la kwanza, zile 80,000 za hewani zinaonekana palepale kwa sababu jumla ya mfumo imezidi ya benki. Katika kosa la pili, wakala 80,000, mkopeshaji 70,000, mama lishe hasi 50,000, jumla ni 100,000 safi kabisa. Mkaguzi anapiga mhuri anaenda nyumbani! Ili kulikamata inabidi utafute akaunti zenye salio hasi, moja moja. Kwa hiyo kampuni ikikuambia hesabu zake zinawiana na benki, bado hujaambiwa kila kitu.

Sasa dawa ni nini? Mafundi wenye uzoefu wa pesa wanarudi kwenye kanuni moja ya kizamani: kila akaunti iwe na nyumba moja. Akaunti ya mama lishe inaishi Tanzania, na hakuna mtu mwingine popote mwenye ruhusa ya kutoa hela humo. Mfumo wa mikopo wa Cape Town ukitaka kumkata, uje uombe Dar. Kebo ikiwa imekatika, ombi halifiki, na marejesho yanasubiri mpaka kesho. Mkopeshaji atanuna, lakini hakuna pesa ya hewani na hakuna salio hasi. Kuingiza hela ni rahisi kuliko kutoa, kwa sababu kujumlisha hakuna ugomvi, aliyetangulia na aliyefuata jumla ni ile ile. Kwenye kutoa ndipo panahitaji mwenye mamlaka mmoja.

Mtauliza, nyumba hiyo moja ikiungua je? Ndo maana ndani ya nyumba kunakuwa na vituo vitatu, na kila muamala unahesabika umekamilika pale vituo viwili kati ya vitatu vinapokuwa vimeuandika. Kimoja kikizima umeme, viwili vinaendelea bila kupoteza hata senti. Kimoja kikitengwa na wenzake, kinajua hakina wingi wa kura, kinanyamaza chenyewe badala ya kuandika uongo. Kwa nini vitatu na si viwili? Kwa sababu viwili vikikosana hakuna wa kupiga kura ya tatu, na tunarudi kwa mama lishe wetu wa saa tano asubuhi. Lakini sasa rudi kwenye zile milisekunde. Kura lazima zisubiriwe, kwa hiyo vituo hivyo vinatakiwa viwe karibu. Dar, Dodoma na Arusha inawezekana. Dar, Cape Town na Frankfurt, utarudi kwenye wateja 12 kwa sekunde, au pungufu.

Umeona tulipofika? Tumeanza na kasi, tukapita kwenye migongano, na tumejikuta kule kule ambako sheria zinasukuma: daftari liwe karibu na mwenye pesa.

Sasa tuziangalie hizo sheria. Rwanda ilikuwa mapema. Mwaka 2017 mdhibiti wa kule, RURA, aliipiga MTN Rwanda faini ya zaidi ya faranga bilioni 7, takriban dola milioni 8.5, kwa kuhamishia huduma zake za kompyuta Uganda kinyume na masharti ya leseni. Kwa kampuni ilikuwa ni kubana matumizi, kituo kimoja kihudumie nchi kadhaa. Kwa mdhibiti ilikuwa ni mitambo iliyotoka nje ya mkono wake. Baadaye sheria ya Rwanda ya mwaka 2021 ikaweka wazi kwamba data binafsi zihifadhiwe ndani ya nchi, na anayetaka kuziweka nje awe na cheti kinachomruhusu. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Kenya ndo inanivutia zaidi. Kanuni zao za mwaka 2021 zinaitaja moja kwa moja mifumo ya malipo ya kielektroniki yenye leseni. Data zake zishughulikiwe kwenye kituo kilichopo Kenya, AU angalau nakala moja inayohudumia iwe ndani ya Kenya. Hilo neno "au" ndipo ninapoishika sheria shati. Kwa sababu nakala na daftari si kitu kimoja.

Tuseme kampuni inaweka daftari nje na nakala Nairobi, na nakala inapokea habari kwa kuchelewa sekunde tatu. Polisi wakija na hati ya mahakama, nakala inatosha. Mkaguzi naye inamtosha. Lakini kebo ikikatika, nakala haina mamlaka ya kulipa. Ukiipa mamlaka kwa dharura, inaanza kazi bila kujua yaliyotokea katika zile sekunde tatu za mwisho. Kama mfumo ulikuwa unafanya miamala 400 kwa sekunde, hiyo ni miamala 1,200 ambayo haijulikani. Mteja ana ujumbe kwenye simu kwamba ametuma, na daftari jipya linasema hajatuma. Sheria imetimizwa kwa herufi zote na mwananchi bado amekwama.

Ila wapenzi wa "kila kitu nyumbani" nao wasishangilie haraka. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza. Vituo vitatu ndani ya nchi moja vinategemea gridi moja, mara nyingi na msambazaji mmoja wa dizeli ya jenereta. Na nchi ndogo zenye wateja wachache zinabebeshwa gharama ya vituo vitatu ambavyo zingeweza kushirikiana na jirani. Kwa maoni yangu jibu la busara ni hili: daftari lenye kura liwe nyumbani, na nakala inayofuata kwa nyuma iwe nchi ya mbali, imefungwa kwa siri ambayo ufunguo wake uko nyumbani, kwa ajili ya siku nyumba nzima ikianguka. Hapo tutapoteza sekunde chache, lakini hatutapoteza miaka. Sheria zetu ziruhusu hilo wazi wazi badala ya kuliacha lijadiliwe kwenye korido.

Je, hela ikivuka mpaka? Toka 2015 mtu wa M-Pesa Kenya anaweza kutuma kwa M-Pesa Tanzania. Hapa kila nchi ina daftari lake, na katikati kuna ujumbe. Hatua zinatakiwa ziwe hivi. Kenya inatoa hela kwa mtumaji na kuiweka kwenye akaunti ya njiani, si kwa mpokeaji bado. Inatuma ujumbe wenye namba ya muamala. Tanzania inaangalia kama namba hiyo imeshawahi kuja. Kama haijaja, inampa mpokeaji na kujibu "tayari". Kama imeshakuja, inajibu "tayari" bila kulipa mara ya pili. Jibu likifika Kenya, ile akaunti ya njiani inafungwa.

Tuseme kebo inakatika baada ya Tanzania kulipa, kabla ya jibu kufika. Kenya haijasikia kitu. Kosa kubwa linalofanywa na mifumo mingi ni kusema, "dakika mbili zimepita, nirudishe hela kwa mtumaji." Kimya si kukataliwa! Ukimrudishia, watu wawili wana hela moja. Inachotakiwa kufanya Kenya ni kuacha hela njiani na kuuliza tena kwa namba ile ile mpaka ijibiwe.

Kwa hiyo wadau, siku ukiona ujumbe "muamala wako unashughulikiwa" ukakaa hapo masaa, usitukane kwanza. Huenda ndo mfumo pekee siku hiyo unaosema ukweli, kwamba haujui bado. La kuogopa ni ule unaosema "umefanikiwa" haraka haraka huku kebo imekatika. Na wewe usitume upya, maana kutuma upya kunazaa namba mpya, na namba mpya ni malipo mapya. Subiri, au piga huduma kwa wateja ukiwa na namba ya muamala wa kwanza.

Waandishi wetu wakipata nafasi mbele ya mdhibiti au bosi wa kampuni ya simu, wasiulize tu "data ziko nchini?" Watajibiwa ndiyo na mkutano utaisha. Waulize: daftari lenye mamlaka ya kulipa liko wapi? Muamala unahesabika umekamilika vituo vingapi vikiwa vimeandika? Na kebo ikikatika, upande upi unanyamaza? Kampuni isiyoweza kujibu swali la tatu haijui itafanya nini na hela ya mama lishe wa Tandika.

Wewe siku ile ya Mei hela yako ilikwama au ilipita? Na je, ni sawa nchi jirani kushirikiana vituo ili gharama ipungue, au kila mtu akae na daftari lake? Weka maoni yako hapo chini, hata ukiwa unanipinga. Dakika zako za kafe zikiisha, rudi kesho tuendelee.